Kazi uliyokabidhi kwa barua pepe imerudi sivyo: soma dalili, tafuta chanzo

Kazi uliyomkabidhi mtu ikiharibika, kabla hujamwita ofisini kwako, fungua kwanza barua pepe uliyomtumia uisome upya kana kwamba umeandikiwa wewe. Mimi ni mhasibu, na sehemu kubwa ya kazi zangu nawakabidhi watu walio matawini ambao huenda mwezi mzima ukapita bila kuonana uso kwa uso. Wanachokijua kuhusu kazi ni kile nilichoandika. Nimejifunza kwamba kazi ikirudi sivyo, mara nyingi chanzo kimo ndani ya barua: matokeo hayakutajwa, muda hausomeki kwa namna moja, au mtu wa kuulizwa hayupo. Na kila upungufu una dalili yake, kwa hiyo ukiitazama vizuri kazi iliyoharibika unaweza kujua ni kipi ulichokiacha.

Nitatumia kisa kimoja mwanzo hadi mwisho. Majina nimeyabadilisha. Kampuni inauza vifaa vya ujenzi, makao makuu yako Dar es Salaam, matawi yako Morogoro na Dodoma. Kila mwezi, kufikia tarehe 20, lazima ritani ya VAT ya mwezi uliotangulia iwe imewasilishwa TRA. Ili tudai kodi tuliyolipa kwenye manunuzi, tunahitaji risiti za EFD za matawi yote, na kila risiti iwe na TIN na VRN yetu, yaani namba yetu ya usajili wa VAT. Mwaka jana, mwanzoni mwa Agosti, nilimwandikia msaidizi wangu, tumwite Neema, barua hii:

> Neema, habari. Naomba unisaidie kushughulikia risiti za Morogoro na Dodoma za mwezi wa saba. Nizipate mapema wiki ijayo. Ukikwama uliza. Asante.

Nilipoituma niliridhika nayo. Ni fupi, ina adabu, na niliona kila kitu kimo. Neema alijibu "Sawa bosi, nimepokea." Jumatano jioni ya wiki iliyofuata nikapata PDF tatu zenye picha za risiti 143, zimepangwa vizuri kwa tawi. Mimi nilikuwa nikisubiri jedwali la Excel tangu Jumanne asubuhi. Risiti 11 hazikuwa na VRN yetu na hakuna aliyeniambia. Zilikuwa zimebaki siku saba kufika tarehe 20.

Dalili: kazi imefika, imefanywa kwa bidii, lakini siyo uliyoitaka

Hii ndiyo dalili inayoumiza kuliko zote, maana mtu amechoka kweli na wewe huna cha kutumia. Chanzo chake karibu kila mara ni kitenzi. Angalia ulichoandika: *shughulikia*, *fuatilia*, *angalia*, *simamia*, *weka sawa*. Vitenzi hivi vinataja mwendo na havitaji mwisho. Aliyeambiwa "fuatilia malipo ya mteja" akimpigia mteja simu mara moja, amefuatilia. Aliyeambiwa "shughulikia risiti" akizikusanya, akazipiga picha na kuzipanga, amezishughulikia, na Neema hakukosea hata neno moja la barua yangu.

Kipimo ninachotumia sasa ni cha mtu wa tatu. Chukua barua yako pamoja na kazi iliyorudi, mpe mtu ambaye hakuwepo mlipozungumza, kisha muulize: hii imekamilika au haijakamilika? Akiweza kujibu kwa kulinganisha karatasi mbili hizo tu, matokeo umeyataja. Akianza kukuuliza "kwani ulitaka nini hasa?", hukuyataja. Kwa barua yangu ya kwanza hakuna ambaye angeweza kujibu.

Dawa ni kuandika kitu badala ya kitendo. Badala ya "shughulikia risiti" niandike "jedwali moja la Excel, mstari mmoja kwa kila risiti, lenye tarehe, jina la muuzaji, VRN yake, namba ya risiti, kiasi kabla ya kodi na kodi yenyewe". Ukiweza kutaja kitu utakachokishika au kukifungua kazi ikiisha, umemaliza nusu ya barua. Ukishindwa kukitaja, ni ishara kwamba wewe mwenyewe hujajua unataka nini, na hapo usitume. Kaa nayo kwanza. Nimewahi kukaa dakika 20 na sentensi moja ya namna hii nikagundua kwamba kazi yenyewe haikuhitajika.

Kitu kikishatajwa, ongeza alama ya kuonyesha kimekamilika ambayo mfanyaji anaweza kujipima nayo bila wewe. Kwenye kazi ya risiti alama ni hesabu: idadi ya mistari ya jedwali ikijumlishwa na idadi ya risiti zenye kasoro lazima ilingane na idadi ya risiti zilizo kwenye folda. Kama folda ina 143, jedwali lina 130 na zenye kasoro ni 11, basi kuna mbili zimepotea njiani na Neema atajua kabla yangu. Kwa kazi nyingine alama ni saini mbili kwenye karatasi ya hesabu ya stoo, au jibu la maandishi kutoka kwa mteja. Iwe tu ni jambo linaloonekana.

Na kama kazi imewahi kufanywa, ambatanisha ya mwezi uliopita. Mfano mmoja unaeleza zaidi ya aya tatu. Lakini ufungue kwanza uukague, kwa sababu mtu atanakili kila kilichomo. Jedwali letu la Juni lilikuwa na safu moja iliyofichwa yenye fomula ya zamani, na aliyeifuata bila kuambiwa angepata jumla isiyo sahihi pasipo kosa lake.

Mwisho wa sehemu hii ni mipaka. Kama kuna jambo hutaki alifanye, liseme. Kwenye risiti zisizo na VRN, mtu mwenye bidii atawapigia wauzaji mwenyewe kuomba wazirekebishe. Mimi sitaki, maana baadhi ya wauzaji hao tunadaiana nao na mazungumzo yao yana mahali pake. Hilo Neema hawezi kulijua nisipomwandikia.

Dalili: kazi ni nzuri, ila imechelewa, na mwenyewe anaamini amewahi

Ukiona mtu anatuma kazi amechelewa na hakuomba radhi, usimwone hana adabu. Elekea zaidi kuamini kwamba ameisoma tarehe tofauti na uliyoiandika. Neema hakuomba radhi Jumatano ile kwa sababu kwake Jumatano ilikuwa bado mapema. Wiki ya kazi ina siku tano, na siku ya tatu si mwisho wa wiki.

Maneno kama *mapema*, *haraka*, *ukipata nafasi* na *mwisho wa mwezi* yanajulikana kuwa hatari. Ninayotaka kukaa nayo ni yale yanayoonekana kuwa wazi na si wazi hata kidogo.

La kwanza ni saa. Sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri, lakini simu, kompyuta na kalenda ya barua pepe zinahesabu kuanzia usiku wa manane. Ukiandika "nitumie kesho saa 10", mmoja anasoma saa kumi jioni, mwingine ambaye siku nzima anaandikiana na watu kwa Kiingereza anasoma 10:00, yaani saa nne asubuhi. Tofauti ni saa sita, na wote wawili wana haki. Nimeona hili likitokea zaidi pale barua inapochanganya mambo: kichwa kimeandikwa kwa mfumo wa kalenda, mwili wa barua umeandikwa kwa Kiswahili cha kawaida. Tangu hapo naandika sehemu ya siku pamoja na namba ya kalenda, zote mbili: saa 9 alasiri (15:00), saa 4 asubuhi (10:00). Inaonekana kama kurudia, lakini haijawahi kunisaliti.

La pili ni usiku. "Nipate kufikia usiku wa Jumanne." Kwa watu wa pwani na wengi waliolelewa na hesabu ya zamani, siku inaanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Jumanne ni ule unaofuata mchana wa Jumatatu. Kwa wengine ni usiku baada ya mchana wa Jumanne. Hapo kuna siku nzima. Ndiyo maana watangazaji wa habari husema "usiku wa kuamkia Jumanne". Kwenye barua ya kazi mimi siweki usiku kabisa. Naweka asubuhi ya siku inayofuata, ambayo ndiyo nitaisoma kazi hiyo kwa vyovyote.

La tatu ni neno *kabla*. "Kabla ya Ijumaa" maana yake ni kwamba Alhamisi ndiyo siku ya mwisho. Wengi huliandika wakikusudia Ijumaa yenyewe. Kama unakusudia Ijumaa, andika "kufikia Ijumaa", kisha uweke saa.

Halafu kuna sikukuu. Mwaka ule tarehe 8 Agosti, Nane Nane, iliangukia Ijumaa. Kwa aliyepanga kazi siku ya Jumatatu tarehe 4, wiki hiyo ilikuwa na siku nne. Na kama sehemu ya timu iko Nairobi, wao siku hiyo wako kazini na watakuwa wanasubiri majibu. Fungua kalenda kabla ya kuandika tarehe. Jina la siku na tarehe viende pamoja, kwa sababu moja ikikosewa nyingine inamwezesha msomaji kugundua.

Jambo la ndani zaidi ni sababu ya tarehe. Mimi nilihitaji jedwali Jumanne tarehe 12, saa 4 asubuhi, na sababu niliipata kwa kuhesabu nyuma kutoka tarehe 20. Siku mbili za mwisho ni za kujaza ritani na kuikagua. Kabla ya hapo, siku mbili za kulinganisha jedwali na vitabu. Lakini risiti zenye kasoro zinahitaji kurudishwa kwa muuzaji, na muuzaji hana haraka yangu. Hizo hula siku kadhaa. Maana yake ni kwamba sehemu moja ya kazi, orodha ya risiti mbovu, nilihitaji mapema kuliko jedwali lenyewe. Nisingelijua hilo kama nisingehesabu nyuma, na Neema naye angelijua angeanza na kuzitenga zile 11. Ndiyo sababu siku hizi tarehe moja naigawa kuwa mbili pale kazi inapobeba kitu kinachomtegemea mtu wa nje, na naandika sababu kwa sentensi moja. Mtu anayejua sababu, akizidiwa, anajua cha kutoa kwanza.

Dalili: maswali kumi kwa siku, au hakuna swali hata moja

Nimeziweka pamoja kwa sababu zina chanzo kimoja. "Ukikwama uliza" haisemi amuulize nani. Mtu jasiri atakuuliza wewe kila kitu, hadi nenosiri la folda. Mtu mwenye haya atanyamaza na kukisia. Na katika ofisi zetu wenye haya ni wengi kuliko tunavyokubali, hasa anayeulizwa akiwa mkubwa kwa cheo na umri. Kijana anaona kumuuliza bosi ni kukiri kwamba hakuelewa, basi anaona afadhali abahatishe.

Nilipomuuliza Neema baadaye kwa nini hakuuliza kama nataka picha au jedwali, alinijibu kwa upole: "Nilikuona una kazi nyingi, nikasema nisikusumbue." Nilijisikia vibaya, kwa sababu ile heshima yake ndiyo iliyotugharimu siku mbili.

Maswali ya kazi yoyote ni ya aina tatu, na kwa kawaida kila aina ina mwenyewe. Kuna swali la taarifa: risiti za wiki ya pili za Dodoma ziko wapi? Huyo wa kumuuliza ni msimamizi wa tawi. Kuna swali la njia: folda inakataa kufunguka. Hilo ni la mtu wa kompyuta. Na kuna swali la uamuzi: risiti ya mafuta ya gari la meneja, ambalo pia analitumia kwa shughuli zake, tuidai au tuiache? Hilo ni langu peke yangu, na sitaki limfikie mwingine. Ukiandika majina matatu pamoja na aina ya swali mbele ya kila jina, maswali kumi yanakuwa mawili, na yule mnyamavu anapata ruhusa ya wazi ya kufungua mdomo.

Sasa kosa ninaloliona hata kwa wanaoandika barua nzuri: wanamtaja mtu wa kuulizwa bila kumwambia yeye. Neema anampigia Mzee Salum wa Dodoma, mtu wa makamo aliyekaa tawini miaka mingi, na kumwambia anataka risiti za wiki ya pili. Mzee anamuuliza, "Wewe ni nani wa kunidai risiti?" Na ana haki ya kuuliza. Mamlaka ya kazi niliyompa Neema yako kwenye barua ambayo Mzee Salum hakuiona. Dawa ni kumweka kwenye Cc na kumwandikia mstari wake mwenyewe ndani ya barua hiyo hiyo, kwa heshima inayomstahili: "Mzee Salum, shikamoo. Neema amechukua kazi ya risiti za Julai kwa niaba yangu. Atakupigia, naomba umpe ushirikiano kama ungenipa mimi." Cc isiyo na mstari wa kumtaja mtu kwa jina, wengi hawaisomi.

Angalia pia kama uliyemtaja atakuwepo. Likizo, msiba, safari. Kama mimi ndiye mwenye maswali ya uamuzi na Alhamisi nitakuwa barabarani kati ya Morogoro na Dodoma ambako mtandao unakatika, lazima niseme nani ataamua siku hiyo, au niruhusu jambo moja mapema: "ukinikosa, weka risiti hiyo ukurasa wa pili wa jedwali, pamoja na zenye kasoro, uendelee." Ruhusa ya namna hiyo inazuia kazi nzima kulala kwa ajili ya risiti moja ya mafuta.

Dalili: siku imefika na hakuna chochote

Fungua barua uangalie sehemu ya To. Kama ina majina mawili au zaidi, umeshapata chanzo. Barua inayosema "naomba mshughulikie" kwa watu watatu kila mmoja huisoma akiamini wenzake wawili wameshaanza. Weka jina moja kwenye To, wengine kwenye Cc, na ndani ya barua taja kwamba kazi ni ya huyo mmoja.

Kama jina ni moja na bado kuna kimya, angalia jibu alilokupa. "Sawa", "nimepokea" na "ndiyo bosi" yanathibitisha kwamba barua imefika. Hayathibitishi kwamba imeeleweka, wala kwamba ana nafasi ya kuifanya. Usiulize "umeelewa?", maana hakuna atakayesema hapana. Uliza swali lisilojibika kwa ndiyo: utaanza na tawi gani, na kitu gani kinaweza kukuchelewesha? Weka na muda wa kulijibu, kesho yake kabla ya saa 6 mchana. Jibu likija ni la kweli, utalijua, kwa sababu litakuwa na jambo ambalo hukuliandika wewe.

Dalili: watu wawili wana toleo tofauti la kazi moja

Hapa chanzo ni simu au WhatsApp. Ulimwandikia barua Jumatatu, Jumatano mkakutana kwenye ngazi ukamwambia "hebu ongeza na risiti za makao makuu", na sasa barua inasema hivi, kumbukumbu inasema vile. Mabadiliko yoyote yarudishe kwenye barua ile ile kwa kuijibu, mstari mmoja unatosha, na kama tarehe imebadilika badilisha na kichwa. Mwenye Cc naye atajua.

Barua ya mwezi ule ingekuwaje

Hii ndiyo niliyoandika upya baadaye kwa tarehe zile zile, na ndiyo ninayoinakili kila mwezi nikibadilisha siku. Kichwa chake: *Risiti za manunuzi Julai, Morogoro na Dodoma: jedwali kufikia Jumanne 12 Agosti, saa 4 asubuhi.*

> Neema, habari za asubuhi.
>
> Naomba uchukue kazi ya risiti za manunuzi za Julai za Morogoro na Dodoma. Kazi hii ni yako. Wengine nimewaweka kwenye nakala ili wakusaidie.
>
> Ninachohitaji ni jedwali moja la Excel, mstari mmoja kwa kila risiti: tarehe, muuzaji, VRN yake, namba ya risiti, kiasi kabla ya kodi, kodi. Risiti isiyo na TIN au VRN yetu iweke ukurasa wa pili na sababu yake. Wauzaji usiwapigie, nitawapigia mimi. Nimeambatanisha jedwali la Juni ufuate mpangilio wake. Itakuwa imekamilika pale idadi ya mistari ya kurasa zote mbili itakapolingana na idadi ya risiti kwenye folda.
>
> Ukurasa wa pili nautaka kwanza: Alhamisi 7 Agosti, saa 9 alasiri (15:00), hata kama bado unaendelea, kwa sababu wauzaji huchukua siku kadhaa kurekebisha. Jedwali lote: Jumanne 12 Agosti, saa 4 asubuhi (10:00). Ijumaa tarehe 8 ni Nane Nane, usiihesabu.
>
> Risiti zisizoonekana: Morogoro muulize Dada Rehema, Dodoma Mzee Salum. Folda ikikataa: Juma wa kompyuta. Kama huna hakika risiti idaiwe au la: mimi. Alhamisi nitakuwa safarini. Ukinikosa, iweke ukurasa wa pili uendelee.
>
> Mzee Salum, shikamoo. Dada Rehema, habari za kazi. Neema atawapigia kwa niaba yangu, naomba mpatieni risiti zote za Julai kufikia Jumanne 5 Agosti, saa 10 jioni (16:00).
>
> Neema, kesho kabla ya saa 6 mchana nijibu: utaanza na tawi gani, na nini kinaweza kukuchelewesha?

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na mtu anaweza kuiona kama ya kumsimamia mfanyakazi kila hatua. Mimi siioni hivyo. Haimwambii Neema afungue nini kwanza, atumie fomula gani wala akae nayo saa ngapi. Hayo ni yake. Inamweleza mwisho, muda na milango ya kubisha. Kwa kazi ya nusu saa nisingeandika yote haya. Sentensi moja yenye kitu, siku na jina inatosha: "Nitumie namba ya ankara ya simenti ya Jumamosi, leo kufikia saa 8 mchana (14:00), kama haipo kwenye faili muulize Dada Rehema."

Barua haina kasoro, na kazi bado imekwama

Mara ya kwanza nilipoitumia barua ya namna hii, kwa risiti za Agosti, Neema alijibu siku ya pili: "Nitaanza na Dodoma kwa sababu ndiyo zinachelewa kufika. Kinachoweza kunichelewesha ni kwamba Jumatano na Alhamisi mkurugenzi ameniambia niende benki na mgeni wake." Hilo nisingelijua. Na hakuna namna ya kuandika barua ambayo ingempa Neema siku mbili ambazo hana.

Hapo tatizo limetoka kwenye barua na kuhamia kwenye meza yake. Mwombe akuandikie kazi zote alizonazo wiki hiyo na aliyempa kila moja, kisha wewe ndiye uende kwa mkurugenzi mkaamue ipi isubiri. Usimwachie yeye achague kati ya mabwana wawili, atachagua mwenye cheo kikubwa, na hatakuambia. Nilikwenda kwa mkurugenzi saa 8 mchana siku hiyo hiyo. Mgeni akasindikizwa na dereva, na ukurasa wa pili ulinifikia Alhamisi saa 9 kasorobo alasiri ukiwa na risiti nne.